Shamba la marehemu baba: miaka yako ya kudai inahesabiwa tangu lini?

Mtu akiniletea malalamiko ya shamba la urithi, simwulizi kwanza nani alimdhulumu. Namwuliza mambo matatu: ulizaliwa lini, baba alifariki lini, na ulijua lini kwamba shamba limekwenda? Wengi huona namkatiza, maana wamekuja na kisa kirefu cha machungu. Lakini tarehe hizo tatu ndizo zitakazoamua kama hakimu atakisikiliza kisa hicho au atalifunga jalada kabla shahidi wa kwanza hajaapa.

Hapa nazungumzia Kenya na ardhi tu, hasa wale waliofiwa na mzazi wakiwa wadogo, wakakua na kukuta shamba lina jina la mtu mwingine. Sheria inayohusika ni ile ya ukomo wa muda wa kufungua kesi, Sura ya 22. Kwa ardhi inatoa miaka 12. Ikipita, si kwamba unakosa kesi tu, hata haki yako juu ya ardhi hiyo inazimika kisheria, na aliyeikalia anaweza kwenda mahakamani kuomba aandikishwe kama mwenyewe. Tena usitegemee huruma ya jaji. Mahakama inaweza kuongeza muda katika baadhi ya kesi za majeraha yaliyotokana na uzembe, lakini kwa kesi ya kudai ardhi haina uwezo huo. Kinachobaki ni kujua miaka 12 inaanza kuhesabiwa siku gani, na kama kuna kitu kinachoisogeza.

Tuchukue mfano. Nimeuunga mwenyewe, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya ardhi atautambua.

Binti amezaliwa tarehe 10 Februari 1996. Baba yake ana shamba la ekari 4 Taveta, analilima, hati ina jina lake. Baba anafariki tarehe 14 Juni 1999, binti ana miaka mitatu. Mama anarudi na mtoto Mombasa kutafuta riziki. Mwaka 2001 baba mdogo anafungua faili la mirathi, anaapa kwamba marehemu hakuacha mtoto, anapewa usimamizi wa mirathi akiwa peke yake. Mwaka 2003 anajiandikisha yeye kuwa mwenye shamba. Mwaka 2009 anauza ekari 2 kwa mwalimu mmoja. Muda wote huo kila msimu wa mavuno gunia la mahindi linashushwa Mombasa kutoka kwenye basi, na simu inafuata: "Mwanangu, shamba lenu lipo, mimi nawatunzia tu. Soma kwanza." Agosti 2022 binti, sasa ana miaka 26 na anataka kujenga, anakwenda ofisi ya usajili wa ardhi kufanya upekuzi rasmi. Karani anamrudishia karatasi. Sehemu ya A inaeleza kiwanja, nayo inasema hekta kidogo kuliko alizozijua. Sehemu ya B, ya mwenye mali, ina jina la baba mdogo na tarehe ya 2003. Jina la baba yake halimo.

Je, amechelewa?

Hesabu ya kwanza ni ya kawaida. Mtu anayedai ardhi ya marehemu ambaye alikuwa ameikalia hadi siku ya kufa kwake, haki yake ya kushtaki inahesabiwa kuwa imezaliwa siku ile ya kifo. Si siku ya faili la mirathi, wala si siku hati ilipobadilishwa. Kwa hiyo miaka 12 ilianza tarehe 14 Juni 1999 na ikaisha Juni 2011, binti akiwa na miaka 15 na sare ya shule mwilini.

Hesabu ya pili ni ya utoto. Sheria inamwona mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa hana uwezo wa kujitetea, sawa na mtu mwenye ugonjwa wa akili. Ikiwa alikuwa katika hali hiyo siku haki ya kushtaki ilipozaliwa, anaruhusiwa kufungua kesi ndani ya miaka sita tangu alipotoka katika hali hiyo, hata kama miaka 12 imekwisha. Hapa ndipo watu wengi, na mawakili wachache nisiowataja, wanapojikwaa. Wanadhani miaka 12 inaanza upya siku ya kutimiza miaka 18, kwa hiyo mtoto ana hadi miaka 30 ya umri. Sivyo. Ni miaka sita, yaani hadi siku ya kutimiza miaka 24. Binti wetu alitimiza 18 Februari 2014, mlango huu ukafungwa Februari 2020. Alipoingia kwa karani mwaka 2022 alikuwa amechelewa kwa miaka miwili na nusu.

Kanuni hii haifuti ile ya miaka 12, inakupa ile iliyo ndefu kati ya hizo mbili. Ukitaka kupima haraka, tazama umri wa mtoto siku aliponyang'anywa. Akiwa chini ya miaka 12, mwisho wake ni siku ya kutimiza 24. Akiwa amevuka miaka 12, nyongeza ya utoto haimsaidii kitu. Aliyenyang'anywa akiwa na miaka 15 ana miaka yake 12 ya kawaida, inamfikisha 27, na hiyo ni ndefu kuliko 24. Juu ya yote hayo kuna dari: kwa ardhi, nyongeza ya utoto au ya ugonjwa haiwezi kumvusha mtu miaka 30 tangu haki ilipozaliwa. Mtoto dari hiyo haimgusi. Inamgusa mgonjwa wa akili wa muda mrefu.

Mtego mwingine ni mkali zaidi, nami nimeona familia zikiondoka mahakamani zimeinamisha vichwa kwa ajili yake. Utoto unasaidia tu ikiwa haki ilizaliwa mikononi mwa mtoto mwenyewe. Kama ilizaliwa kwa mtu mzima, kisha ikamfikia mtoto kwa urithi, muda ulioanza kwa mtu mzima unaendelea bila kujali udogo wa mrithi. Badili mfano wetu kidogo: jirani alihamisha mpaka na kuchukua ekari moja mwaka 1995, baba akiwa hai na akiona, akanyamaza. Muda ulianza 1995. Baba akafa 1999, muda haukusimama. Mwaka 2007 ukaisha, binti akiwa na miaka 11. Hakuna wakili atakayeifufua ekari hiyo kwa cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu umri wako, uliza kwanza: ardhi hii ilitoka mikononi mwetu wakati baba yupo, au baada ya kuzikwa?

Na kama mtoto bado ni mtoto, hakuna haja ya kungoja. Anaweza kushtaki leo kupitia mtu mzima anayesimama kwa niaba yake, na mara nyingi huyo ni mama. Kungoja ni ruhusa tu, na kwa kawaida ni ruhusa ya hasara, maana wazee waliokuwepo kwenye mazishi wanazidi kupungua.

Hesabu ya tatu ni ya ulaghai, nayo ndiyo inayomwokoa binti wetu. Kifungu cha 26 kinasema hivi kwa maneno yangu: ikiwa kesi yenyewe msingi wake ni ulaghai wa mdaiwa au wakala wake, au haki ya kushtaki ilifichwa kwa ulaghai wao, muda hauanzi hadi mdai augundue ulaghai huo, au hadi siku ambayo angeweza kuugundua kwa bidii ya kawaida. Binti akikubaliwa kuwa aligundua Agosti 2022, ana miaka 12 mizima kutoka hapo, hadi Agosti 2034. Dari ya miaka 30 haimhusu hapa, kwa sababu ile ni dari ya nyongeza ya utoto na ugonjwa, si ya ulaghai.

Lakini soma tena ile nusu ya pili: angeweza kuugundua. Vita vyote vya kesi kama hii hupiganwa hapo. Wakili wa baba mdogo atasimama na kusema: rejista ya ardhi ni ya umma, upekuzi unalipiwa ada ndogo, binti alitimiza miaka 18 mwaka 2014, alikuwa na kitambulisho na nauli, nani alimzuia? Ni hoja nzuri, na usiende mahakamani bila jibu lake.

Jibu ni kwamba bidii ya kawaida si bidii ya mpelelezi. Inapimwa kwa mtu wa kawaida aliye katika hali yako: angeshuku nini, na lini? Mtu hatarajiwi kumpekua baba yake mdogo ambaye kila msimu analeta mahindi ya shamba na kusema analitunza. Yale magunia, ambayo nyumbani yalionekana ni wema, mahakamani ni ushahidi kwamba ukweli ulikuwa ukifunikwa. Ndiyo maana huwa nawaambia watu watafute risiti za mizigo ya basi na ujumbe wa simu wa zamani kabla ya kutafuta maneno ya sheria.

Kwa upande mwingine, kitu kimoja tu cha kuamsha shaka kinaweza kuvuta tarehe nyuma. Tuseme mwaka 2017 binti alikwenda Taveta kwenye mazishi ya shangazi, akaona uzio mpya umekata shamba katikati na mtu asiyemjua akinyunyizia nyanya ndani yake. Akauliza, akaambiwa "ni mpangaji", akarudi Mombasa. Siku hiyo ndiyo itakayoshikiliwa. Katika mfano wetu haimmalizi, kwa kuwa 2017 na 12 ni 2029. Lakini kama ingekuwa 2008 na aliyeona uzio ni mtu mzima, tungekuwa na mjadala mwingine. Na jua kwamba kinachogunduliwa ni ulaghai, si ushahidi wa kuuthibitisha. Huwezi kusema ulijua tangu 2009 ila ulikuwa unakusanya karatasi. Wala kutokujua sheria ya ukomo si sababu.

Mlango wa nne wengi hawaujui kabisa. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali, ameikamata kwa amana ya warithi, na fungu la mtoto linakaa katika amana hadi afikie utu uzima. Kifungu cha 20 cha sheria hiyohiyo kinasema vipindi vya ukomo havimlindi mdhamini dhidi ya mnufaika pale alipofanya ulaghai, au pale mali ya amana au fedha zake ziko mikononi mwake au amezigeuza kuwa zake. Hakuna miaka 12, hakuna sita. Kwa zile ekari 2 ambazo bado ziko kwa jina la baba mdogo, na kwa pesa alizopokea kwa mwalimu, binti ana hoja isiyotegemea kabisa siku aliyogundua. Mimi ningeiandika kwanza, na ya ulaghai iliyofichwa ningeiweka ya pili. Mawakili wengi huandika kinyume, kisha wanatumia mwaka mzima kubishana kuhusu uzio wa 2017.

Zile ekari 2 za mwalimu ni habari nyingine. Kifungu cha 26 kina kizuizi mwishoni: hakikupi nguvu ya kumnyang'anya mtu aliyenunua kwa thamani halisi, asiyeshiriki ulaghai, na ambaye wakati wa kununua hakujua wala hakuwa na sababu ya kuamini kwamba ulaghai umefanyika. Sheria ya urithi nayo inamlinda anayenunua kutoka kwa msimamizi mwenye hati ya mahakama, hata hati hiyo ikifutwa baadaye. Usikate tamaa kabla ya kuchunguza alichokijua. Je, ni mkazi wa kijiji, aliyekuja mazishini 1999 akaona mtoto mgongoni mwa mama yake? Bei ilikuwa ya soko au ya kutupa? Alinunua kutoka kwa msimamizi kama msimamizi, au kutoka kwa mtu aliyekwisha kujiandikisha mwenyewe? Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management kuhusu ardhi ya Mombasa, ilisema mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati peke yake ikiwa chimbuko la hati hiyo ni bovu. Kesi ile ilihusu ardhi ya umma, kwa hiyo usiibebe kama rungu la kila mahali, ila inamlazimu mnunuzi kueleza hati ilitoka wapi. Akionekana msafi, madai ya binti yanageukia pesa kwa baba mdogo, na ni afadhali alijue hilo mapema kuliko kuota ekari 4 zote.

Sasa kazi yenyewe. Siku ile karani anapokupa matokeo ya upekuzi, usiikunje karatasi ukaitia mfukoni. Ina tarehe na muhuri, nayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kesi yako. Omba pia nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, ambayo inaonyesha kila badiliko kwa mfuatano wake: nani, lini, kwa malipo gani. Upekuzi unakuonyesha mwenye mali wa leo tu. Kadi ndiyo inayosimulia. Kama bado kuna ardhi ya kuokoa, siku hiyohiyo au kesho yake peleka ombi la zuio kwa msajili, ili isiuzwe wakati unatafuta wakili.

Kisha nenda masjala ya mahakama iliyotoa usimamizi, uombe kulipekua jalada la mirathi. Namba yake unaweza kuipata kwenye tangazo la Gazeti Rasmi au kwenye nyaraka za ofisi ya ardhi. Ndani utatafuta karatasi mbili: barua ya chifu na kiapo kinachoorodhesha waliofiwa. Binti wetu akikuta mstari unaosema marehemu hakuacha mtoto, na chini yake sahihi ya baba mdogo, ulaghai umeandikwa kwa mkono wa mwenyewe. Angalia pia idadi ya wasimamizi. Mahali penye mrithi mtoto, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili, isipokuwa kampuni ya udhamini. Msimamizi mmoja maana yake mara nyingi ni kwamba mahakama haikuambiwa kuna mtoto.

Umri wako uuthibitishe kwa cheti cha kuzaliwa. Kama huna, kadi ya kliniki au ya ubatizo, pamoja na mama akiwa hai. Maneno "nilikuwa mdogo" hayatoshi, kwa sababu hesabu yote inaning'inia kwenye siku na mwezi.

Kuna mahakama mbili, na kila moja ina kazi yake. Kufuta usimamizi uliopatikana kwa uongo kunaombwa katika mahakama ya mirathi, na sheria inaruhusu hilo wakati wowote, ingawa ukikaa kimya miaka mingi baada ya kujua, jaji atakuuliza. Kumng'oa mtu kwenye hati, hasa mnunuzi wa nje, ni kazi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nimeona mtu akimaliza miaka mitano katika ya kwanza akidhani itamrudishia ardhi iliyokwisha uzwa, akaambiwa aende ya pili wakati muda wake umekwisha.

Ukishafungua, tegemea pingamizi la awali: kesi imepitwa na muda, itupwe. Usitetemeke. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 inajulikana kwamba pingamizi la awali ni la hoja tupu ya sheria, juu ya mambo yasiyobishaniwa. Kama mnabishana uligundua lini, hilo linahitaji mashahidi, na pingamizi halipaswi kukata kesi hapo. Lakini utalipata jibu hilo ikiwa tu hati yako ya madai imeshautaja ulaghai. Mdai aliyeandika "mdaiwa alichukua shamba letu 2003" bila neno lingine amejichimbia kaburi, maana kwa maandishi yake mwenyewe miaka imepita.

Ulaghai nao hauandikwi kwa jumla. Sheria za mwenendo wa kesi zinataka uutaje kipengele kwa kipengele, na tangu kesi ya Ratilal Patel ya 1957 kiwango cha kuuthibitisha kinapita kile cha kawaida cha madai, ingawa hakifiki cha jinai. Kwa binti wetu ningeandika kwamba mdaiwa aliapa marehemu hakuacha mtoto akijua yupo. Kwamba aliomba usimamizi peke yake. Kwamba alihamisha ekari zote kwa jina lake bila kumtengea fungu. Na kwamba tangu alipochukua usimamizi hadi 2022 alituma mahindi na kusema analitunza shamba.

Msomaji aliye ng'ambo ya pili ya mpaka, pale Holili na kuendelea, asichukue hesabu hizi zote akavuka nazo. Tanzania nayo ina miaka 12 kwa ardhi na kanuni ya ulaghai inayofanana sana, katika sheria yake ya 1971. Lakini kule kesi iliyochelewa inatupwa hata mdaiwa asipofungua mdomo, na mwenye mamlaka ya kuongeza muda wa kufungua kesi ni Waziri, kwa kipimo kisichozidi nusu ya muda uliowekwa.

Tukirudi Kenya, aya moja katika hati ya madai huwa naiandika mimi mwenyewe, simwachii karani: aya ya siku ya kugundua. Inataja siku, mahali, karatasi iliyoonekana na kwa nini haikutafutwa kabla. Kwa binti wetu ingesema kwamba mnamo Agosti 2022, baada ya kuomba kipande cha kujenga na mdaiwa kuacha kupokea simu zake, mdai alifanya upekuzi kwa mara ya kwanza. Na kwamba gunia la mwisho la mahindi lilikuwa limefika Mombasa msimu uliotangulia.